Acheni kuwahubiria wavuta sigara, waulizeni

Leo nawachokoza watu wengi kwa mpigo mmoja: madaktari, manesi, wake wa wavuta sigara, na ninyi wasomi wenzangu mnaojifanya mmegundua juzi kwamba tumbaku inaua. Nasema hivi: mvuta sigara wa Tanga anajua. Anajua kuliko ninyi. Pakiti imemwambia, redio imemwambia, kifua chake kinamwambia kila alfajiri. Mkimwambia tena hamumpi habari mpya, mnampa kazi ya kujitetea. Na mtu akijitetea anaisikia sauti yake mwenyewe ikitaja faida za sigara, na mnavyomjua binadamu, sauti anayoiamini kuliko zote ni yake.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu. Kuna namna ya kuzungumza na mtu ambaye hajaamua, anayetaka kuacha asubuhi na kutaka kuvuta jioni. Namna hiyo ina zaidi ya miaka arobaini duniani, haihitaji mashine, haihitaji umeme, na kwenye zahanati zetu nyingi haipo kabisa. Kwa Kiswahili naiita mahojiano ya kuamsha nia. Mwenye jina zuri zaidi alete.

Mwanasaikolojia wa Kimarekani William Miller ndiye aliyeiandika kwanza, mwaka 1983, baada ya kukaa Norwe akizungumza na wenzake waliokuwa wanatibu walevi. Walimtaka aigize anavyoongea na wagonjwa, kisha wakawa wanamkatisha kila dakika: kwa nini umeuliza hilo, kwa nini umelichagua neno hili ukaliacha lile? Kwa kuwajibu wao ndipo naye akagundua alichokuwa akikifanya. Baadaye akaungana na Stephen Rollnick, mtoto wa Afrika Kusini aliyefanya kazi Wales, wakatoa kitabu mwaka 1991. Mwaka 1993 Miller na wenzake walionyesha jambo ambalo ningelibandika kwenye kila chumba cha daktari: kadiri mshauri alivyombana na kumkabili mnywaji, ndivyo mnywaji yule alivyokuwa akinywa zaidi mwaka mmoja baadaye. Someni tena sentensi hiyo, halafu mniambie kukaripia ni tiba.

Tuache Norwe, turudi Ngamiani.

Kuna fundi baiskeli mmoja, mtu wa makamo, ana wajukuu. Jina lake silitaji na kijiwe chake sikitaji, maana Tanga ni mji wa baiskeli na kila fundi ana watu wake. Alikohoa zaidi ya wiki mbili, akaenda zahanati, akapimwa makohozi kama inavyotakiwa, kifua kikuu hakikuonekana. Mganga wa kwanza aliyempa majibu alimpa na risala fupi: "Mzee, huna TB, una ujinga. Ukiendelea na sigara utakufa." Fundi akajibu kwa upole wote wa mtu wa Pwani, "Nimekusikia daktari, inshallah nitaacha." Akatoka nje ya geti akawasha.

Ile "inshallah" naomba tuiangalie vizuri, kwa sababu daktari yule aliandika kwenye faili kwamba mgonjwa ameshauriwa na amekubali. Hakukubali. Kwetu huku mtu hamkatalii mwenye koti jeupe mbele ya macho yake, anamkubalia ili mazungumzo yaishe. Utaitambuaje inshallah ya kutoroka? Haina siku, haina sababu, haina hata chembe ya mambo ya maisha yake mwenyewe. Ni mlango wa kutokea tu. Inshallah yenye nia ndani yake huja na maelezo: "inshallah nikimaliza huu mwezi, maana hata usingizi sipati." Mganga asiyejua tofauti ya hizo mbili anahesabu ushindi asioupata.

Safari ya pili fundi alikutana na nesi kijana, pengine hajafika miaka thelathini. Nesi huyu alifundishwa ushauri nasaha wa ukimwi, halafu akajiongeza mwenyewe kwa kusoma. Alikubali nikae pembeni, na fundi akakubali pia, kwa sharti kwamba nisitaje jina. Nilishika saa. Mazungumzo yalichukua dakika 11.

Alianza na shikamoo. Fundi akaitika marahaba. Msicheke, hilo nalo ni hoja. Binti wa umri ule akimkaripia mtu mwenye wajukuu anavunja adabu kabla hajaanza kutibu, na mzee atabaki anashughulika na utovu wa adabu badala ya kushughulika na mapafu yake. Kisha akasema, "Baba, makohozi yako ni safi. Ningependa tuongee kidogo habari za sigara, kama utaniruhusu. Sikusudii kukuambia uache, hilo ni lako." Fundi akamtazama kama vile anatafuta mtego ulipo, akasema haya, mwanangu.

"Siku yako inakwendaje, na sigara inaingia wapi?"

Hilo ndilo swali la wazi. Sisi waandishi wa habari tunalijua, au tunatakiwa kulijua. Swali la kufunga ni "Unavuta ngapi kwa siku?" Utajibiwa namba, tena namba ya uongo, na itabidi uulize jingine, na jingine, mpaka mgonjwa ajione yuko kituo cha polisi. Swali la wazi huwezi kulijibu kwa ndiyo, hapana wala namba. Fundi alijibu kwa dakika nzima. Ya kwanza akiamka, kabla ya chai. Ya pili akifika kijiweni. Akimaliza kuziba pancha, moja. Mteja akimzingua, mbili. Baada ya futari mwezi wa Ramadhani anazivuta kama analipa deni. Kwa siku ya kawaida zinafika kama 14, na ananunua moja moja.

Tazameni alichopata nesi bila kuuliza. Amepata idadi. Amepata ile ya kabla ya chai, ambayo ni kipimo: mtu anayewasha ndani ya nusu saa tangu aamke ameshikwa na nikotini barabara, arosto yake haitakuwa ya mchezo. Na amepata Ramadhani, ambayo itamfaa mbele.

Swali la pili la haraka lingekuja kwa yeyote kati yetu. Kwake halikuja. Alisema tu, taratibu, "Sigara ndiyo saa yako. Ndiyo inayokuambia kazi hii imekwisha, anza nyingine."

Fundi akacheka. "Umesema kweli. Bila hiyo sioni kama gurudumu limekwisha."

Huku ndiko kusikiliza kwa kurudisha, na ndiyo moyo wa jambo lote. Unachukua alichosema mtu na unamrudishia maana yake, siyo maneno yake. Ukirudisha maneno matupu, "kwa hiyo unavuta ukimaliza pancha," umekuwa kasuku, na mtu mzima atakuona mpumbavu. Unakisia hatua moja mbele ya alipoishia. Ukikosea, hakuna hasara, atakusahihisha, na katika kukusahihisha atasema zaidi.

Lakini kuna jambo la Kiswahili hapa ambalo vitabu vya Wazungu haviwezi kutufundisha. Lugha yetu haibadilishi mpangilio wa maneno ili kuuliza. "Unavuta ukiwa na mawazo" na "Unavuta ukiwa na mawazo?" ni maneno yaleyale, kinachotenganisha ni sauti tu. Sauti ikishuka mwishoni, mtu anasikia ameeleweka. Ikipanda, anasikia anahojiwa, na akiwa mzee na wewe ni kijana anasikia anasutwa. Nesi yule alikuwa anashusha sauti kila mara. Nilipomuuliza baadaye akaniambia ndicho kilichompa tabu kuliko vyote, mdomo wake ulizoea kupandisha. Jaribuni leo nyumbani kwenu mtaniambia.

Fundi akaendelea. Akasema sigara anaipenda, asidanganye mtu. Akasema pia kifua kinamwamsha usiku. Hapa ndipo wengi tunaharibu. Mtu anatoa pande mbili na sisi tunarukia upande tunaoupenda: "Unaona sasa! Si unaona inakuumiza!" Tukishaukalia upande wa kuacha, yeye anabaki na upande mmoja tu wa kukalia, ule wa kuvuta. Ni kama pembea. Nesi alizishika zote mbili: "Sigara inakupumzisha mchana, na usiku inakunyima usingizi." Alisema "na", hakusema "lakini". Neno lakini linafuta kilichotangulia, mtu anasikia kwamba ile nusu ya kwanza haikuhesabiwa. Tena upande wa kuacha aliuweka mwisho, maana linalosemwa mwisho ndilo linaloendelezwa.

Likaendelezwa kweli.

"Usingizi na mengine," fundi akasema. "Hata msikitini siku hizi nasimama safu ya nyuma."

"Hutaki kuwakera wenzako."

"Kikohozi hiki, na harufu. Mimi nilikuwa mtu wa safu ya mbele, mwanangu. Miaka."

Nesi alinyamaza. Nilihesabu sekunde kama tano, nikawa naona aibu mimi niliyekaa pembeni. Kisha akasema, "Ile safu ya mbele bado unaitaka."

"Sana."

Ningekuwa nahubiri, hapo ndipo ningeanza hotuba juu ya dini na afya. Na ningemfukuza. Safu ya mbele ilikuwa kitu chake, hakukileta ili kitumike kumpigia. Nyie mnaotafuta sababu kubwa za kumwachisha mtu sigara, saratani na moyo na mapafu, je, mngeibuni hii? Nani angeibuni? Ilikuwa ndani ya mtu imekaa, inasubiri mtu anyamaze.

Baadaye akamwomba namba. Kuanzia 0 mpaka 10, kuacha sigara kuna umuhimu gani kwako kwa sasa? Fundi akafikiri, akasema 6. Sasa sikilizeni swali lililofuata, maana ni kinyume cha mnavyodhani: "Kwa nini 6, siyo 2?" Angeuliza kwa nini siyo 9, fundi angeanza kueleza vizuizi, na kila kizuizi alichokitaja kingezidi kukomaa mdomoni mwake. Alipoulizwa kwa nini siyo 2 ilibidi aeleze kwa nini jambo lina uzito: usingizi, safu ya mbele, mlima wa kurudi kutoka kwa mteja ambao siku hizi anaukokota kwa miguu na baiskeli pembeni, yeye fundi baiskeli!

Akauliza tena, ukiamua, una uhakika gani kwamba utaweza? Akasema 3. Kwa nini 3, siyo 0? Kimya. Halafu: "Ramadhani nashinda mchana kutwa bila hata moja. Kwa hiyo si kwamba siwezi kabisa."

Aliyesema ni nani? Ni fundi. Nesi angeisema yeye ile hoja ya Ramadhani, na naijua kwa sababu nimesikia wake wa wavuta sigara wakiisema kila mwaka, jibu lingekuwa, "Ah, kufunga ni jambo jingine." Hoja ileile ikitoka mdomo mwingine inageuka. Zile namba mbili pia zisichanganywe. Huyu bwana hakukosa sababu, alikosa kujiamini. Kumwongezea vitisho mtu aliye 6 kwa 3 ni kumjazia hofu asiyokuwa na pa kuipeleka, na hofu isiyo na pa kwenda mvuta sigara anaipeleka kunakojulikana.

Je, nesi haruhusiwi kutoa elimu? Anaruhusiwa, akiomba. Alimuuliza, "Unajua nini kuhusu siku za mwanzo mtu akiacha?" Fundi akataja kichwa, hasira, mikono kukosa kazi. "Ukiniruhusu nikuongezee kidogo?" Ruksa. Akamwambia siku chache za mwanzo ndizo kali kuliko zote, kisha makali yanashuka, na kwa wengi baada ya wiki 2 mpaka 4 yamepungua sana. Halafu akamrudishia: "Wewe unalionaje hilo?" Uliza, toa kidogo, uliza. Elimu ya sentensi mbili iliyoombewa ruksa imeingia. Risala ya mganga wa kwanza iliishia getini.

Mwisho akamkusanyia yote aliyoyasema, akauliza, "Basi baba, umefika wapi na jambo hili?"

"Sijasema naacha."

"Hujasema."

"Ila ile ya kabla ya chai naweza kuisogeza mpaka baada ya chai."

Najua kuna daktari anasoma hapa anatabasamu kwa dharau. Kusogeza sigara moja! Haya, njoo tupambane. Wiki mbili baadaye fundi alirudi mwenyewe, bila kuitwa, akiwa na 9 kwa siku. Nesi hakupiga vigelegele, na alikuwa sahihi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba sigara moja tu kwa siku inabeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo inayobebwa na sigara 20. Kupunguza siyo kuacha. Nesi alimwomba ruksa akamwambia hivyo, fundi akakunja uso, akauliza mwenyewe: kwa hiyo dawa ni kukata? Akaachiwa swali lake alijibu.

Sasa nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Njia hii siyo muujiza. Mwaka 2019 wachambuzi wa Cochrane walipitia tafiti 37 zenye watu zaidi ya 15,000 kuhusu mahojiano haya na sigara, wakasema ushahidi uliopo hautoshi kusema kwamba yanaachisha au hayaachishi kuliko ushauri wa aina nyingine. Mimi nalikubali hilo bila kona kona. Nikotini ni dawa ya kulevya, na maneno peke yake hayazibi tundu la dawa ya kulevya. Mazungumzo yanamfikisha mtu mlangoni. Kumvusha kunahitaji kitu cha mkononi: bigijii au plasta za nikotini, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 2009, na ambazo uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2018 ulionyesha zinaongeza nafasi ya kuacha kwa asilimia 50 mpaka 60. Kabati la nesi yule nililiona. Parasetamoli ilikuwepo, antibiotiki zilikuwepo. Bigijii ya nikotini haikuwepo hata moja. Tanzania ina sheria ya tumbaku tangu 2003, na mwaka 2007 iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ambao ibara yake ya 14 inataka wanaotaka kuacha wasaidiwe. Kodi ya sigara inakusanywa kwa bidii zote. Kisha mtu anayetaka kuacha anapewa bango.

Na yapo mengine ya kuharibu. Aliyekwisha kuamua usimzungushe na "unajisikiaje", ni dharau, mpangie siku na njia. Wapo pia waliohudhuria semina ya siku moja wakarudi na maswali matano yaliyoandikwa kwenye karatasi, wanayasoma moja baada ya jingine kama karani wa sensa. Kipimo chepesi nilichopewa na nesi: kwa kila swali moja, rudisha mara mbili. Na ukisikia mgonjwa anasema "ndiyo, lakini" mara ya pili, ujue unasukuma. Acha kusukuma, mwambie waziwazi, "Naona nimekukimbiza, turudi ulipokuwa."

Hoja ya mwisho ninayopigwa nayo ni muda. Foleni ndefu, mganga mmoja, wagonjwa sitini. Naielewa foleni, nimekaa humo. Lakini dakika 11 siyo saa nzima, na hatukatai muda wote huo kwa kila mgonjwa. Swali moja la wazi na kurudisha mara mbili kunachukua muda uleule uliotumika kumwambia mzee ana ujinga. Tena utaalamu wenyewe tunao nyumbani. Enzi ya ukimwi tulifundisha wanasihi nchi nzima kukaa na mtu, kumsikiliza, kumwachia uamuzi. Hatukuwa tunampigia kelele mtu aliyekuja kupima. Nani aliamua kwamba mvuta sigara hastahili hicho?

Fundi amechagua siku yake mwenyewe. Anasema mchana wa Ramadhani haumsumbui, kinachomsumbua ni usiku, kwa hiyo mwaka huu atajaribu kuzipunguza za baada ya futari wiki kwa wiki, na mfungo mosi ukiandama asirudi tena. Nesi amemuuliza atahitaji nini. Amejibu kitu cha kutafuna mchana wa Idi, akiwa kijiweni na wenzake wanawasha. Nesi ameandika maombi ya bigijii za nikotini na kuyapeleka ngazi ya juu. Mpaka naandika haya hajajibiwa, na yeye ameanza kumtafutia fundi karafuu na ubani wa kutafuna, kwa hela yake.